Usigawe kwa Kumi na Mbili: Hesabu ya Kulipa Deni la Kodi kwa Awamu

Wafanyabiashara wengi wanaoomba kulipa deni la kodi kwa awamu hufika na hesabu waliyoifanya kichwani. Wameingia kwenye akaunti yao ya iTax, wakaona jumla wanayodaiwa, wakaigawa kwa idadi ya miezi wanayodhani itawatosha. Jibu wanaliandika kwenye ombi. Wanalipa kila mwezi bila kukosa, na mwaka unapoisha wanakuta leja bado inaonyesha deni la maelfu ya shilingi. Wanahisi wametapeliwa, lakini hakuna aliyewatapeli. Kiasi walichokigawa kilikuwa deni la siku moja, na deni la kodi halisimami kungoja mtu amalize kulipa.

Nataka nichukue mfano mmoja wa Kenya niufuate hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu sheria ya Kenya ina mambo mawili yanayoifanya hesabu hii itofautiane na ya mkopo wa benki, na wahasibu wenyewe huyasahau. La kwanza ni kwamba riba ya kodi iliyochelewa haizai riba. La pili ni kwamba pesa unazolipa hukata kwanza kodi yenyewe, halafu ndipo zikaguse riba na adhabu. Ukiyashika hayo mawili, kiasi cha kila mwezi unaweza kukitafuta kwa kalamu na karatasi.

Tumchukue mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe bila kampuni. Mwaka 2024 biashara ilimwendea vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Kodi zake za awali za mwaka huo, zile zinazolipwa mara nne kwa makadirio, alizilipa kwa kutumia kodi ya mwaka uliopita pamoja na nyongeza ya asilimia 10, kama sheria inavyoruhusu. Kwa kuwa faida ilipanda, hesabu ya mwisho ilionyesha kwamba bado anadaiwa Sh240,000. Ritani aliwasilisha kwa wakati, kabla ya Juni 30, 2025, lakini pesa hakuwa nazo. Zilikuwa zimelala kwenye saruji na mabati, nyingine ziko mikononi mwa mafundi waliochukua vitu kwa mkopo.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Ukimuuliza mama huyu deni lilianza lini, atakwambia Juni 30, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe inayotangazwa kila mwaka, na ndiyo inayowafanya watu wapange foleni kwenye saiba. Lakini Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Salio la kodi ya mapato lilipaswa kulipwa mwisho wa mwezi wa nne baada ya mwaka kufungwa, yaani Aprili 30, 2025. Riba inahesabiwa kuanzia hapo. Miezi hiyo miwili iliyofichika ina thamani ya Sh4,800 kwa deni lake, na anayeikosa hataweza kuioanisha hesabu yake na leja hata akirudia mara ngapi.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kinaweka riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, juu ya kodi ambayo haijalipwa. Maneno "sehemu ya mwezi" yana uzito wake. Ukivuka mwezi kwa siku mbili tu, unahesabiwa mwezi mzima. Kifungu hichohicho kinasema riba hiyo haiongezwi juu ya riba nyingine, na kwamba jumla yake haiwezi kuizidi kodi iliyoizaa. Mbali na riba kuna adhabu ya kuchelewa kulipa, asilimia 5 ya kodi, inayotozwa mara moja tu.

Mama anaomba kulipa kwa awamu 12, kila tarehe 28, kuanzia Januari 2026 hadi Desemba 2026. Tarehe 28 tumeichagua kwa makusudi. Mwezi wake wa riba unageuka karibu na tarehe 30, kwa sababu deni lilianza Aprili 30, na kwa kulipa tarehe 28 anabaki ndani ya mwezi hata Februari. Januari 28 inaangukia kwenye mwezi wa tisa tangu deni lianze. Kwa hiyo siku ya awamu ya kwanza anadaiwa kodi Sh240,000, adhabu ya asilimia 5 ambayo ni Sh12,000, na riba ya miezi tisa kwa Sh2,400 kila mwezi, yaani Sh21,600. Jumla ni Sh273,600.

Akigawa Sh273,600 kwa 12 anapata Sh22,800. Hiki ndicho kiasi anachokiandika kwenye ombi, na hapo ndipo kosa la pili lilipo. Kifungu cha 33, kinachompa Kamishna uwezo wa kukubali malipo ya awamu, kinaeleza wazi kwamba ruhusa hiyo haizuii riba kuendelea kuhesabiwa tangu tarehe ya kwanza ya deni. Wengi hudhani makubaliano yamesimamisha riba. Hayasimamishi. Mama anapoendelea kulipa mwaka mzima, sehemu ya kodi iliyobaki inaendelea kutozwa asilimia 1 kila mwezi. Kwa Sh22,800 kwa mwezi, riba mpya itakayozaliwa kati ya Februari na Desemba ni Sh11,460. Hicho ndicho atakachokikuta kwenye leja siku aliyodhani amemaliza.

Kuna wanaojihami upande wa pili. Wanachukua asilimia 1 kwa mwezi, wanaizidisha kwa miezi 12 juu ya kodi yote, wanapata Sh28,800, wanaiongeza juu ya Sh273,600 na kugawa. Wanapata Sh25,200 kwa mwezi. Kiasi hicho kitamaliza deni, tena mapema, lakini kinamkamua mtu zaidi ya inavyohitajika. Kinachukulia kwamba kodi ya Sh240,000 itakaa palepale mwaka mzima, ilhali kila awamu inaipunguza. Kwa duka ambalo pesa zake zote ziko kwenye bidhaa, Sh1,500 za ziada kila mwezi si ndogo, na mpango mzito kupita kiasi ni rahisi kuvunjika.

Basi kiasi sahihi kiko katikati, na njia ya kukifikia ni kufuata kodi inavyopungua. Tukiite kiasi cha awamu M. Kabla ya awamu ya kwanza kodi ni Sh240,000. Baada yake inabaki 240,000 kutoa M, na riba ya Februari ni asilimia 1 ya hiyo. Baada ya awamu ya pili inabaki 240,000 kutoa M mbili, na riba ya Machi ni asilimia 1 ya hiyo. Inaendelea hivyo hadi kodi iishe. Hapa ndipo ule utaratibu wa malipo unapotusaidia: kwa kuwa kila shilingi inaenda kwanza kwenye kodi, kodi inaisha kabla ya deni lote kuisha, na ikishaisha hakuna kitu kinachozaa riba tena. Awamu za mwisho zinalipia tu riba iliyolimbikizwa na adhabu, ambazo zenyewe hazikui.

Kwa hiyo tunahitaji kujua ni awamu ngapi zitapita huku kodi ikiwa bado imebaki. Tuiite namba hiyo m. Makadirio yanatosha kuipata. Tunajua M ni kubwa kidogo kuliko Sh22,800, tuseme karibu 23,800. Ukigawa 240,000 kwa 23,800 unapata kumi na kidogo, maana yake baada ya awamu ya kumi bado kuna kodi kidogo, na awamu ya kumi na moja inaimaliza. Basi m ni 10. Kanuni yenyewe ni hii, P ikiwa kodi, D ikiwa deni lote siku ya awamu ya kwanza, na n ikiwa idadi ya awamu:

```
M = (D + 0.01*m*P) / (n + 0.01*m*(m+1)/2)
```

Tukiweka namba za mama, juu tunapata 273,600 pamoja na 24,000, jumla 297,600. Chini tunapata 12 pamoja na 0.55, yaani 12.55. Ukigawa unapata Sh23,713.15. Kisha unahakikisha makadirio yako ya m: 240,000 ukiigawa kwa 23,713.15 ni kumi na kidogo, kwa hiyo m ilikuwa 10 kweli. Kama ingetoka tisa na kidogo, ungerudia hesabu kwa m ya 9. Sijawahi kuona mfano wa kawaida unaohitaji kurudia zaidi ya mara moja.

Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Upande wa juu ni deni la leo pamoja na riba ambayo ingezaliwa kama kodi ingebaki nzima kwa miezi kumi. Upande wa chini, ile 0.55 ndiyo inayorudisha riba ambayo haikuzaliwa kwa sababu kila awamu ilikata kitu: awamu ya kwanza inaokoa riba ya miezi kumi, ya pili miezi tisa, ya tatu minane, hadi ya kumi inayookoa mwezi mmoja. Jumla ya namba moja hadi kumi ni 55, na asilimia 1 ya hiyo ni 0.55.

Sasa tuizungushe juu kidogo hadi Sh23,750, kwa sababu mtu halipi na senti kumi na tano, na tuitazame leja inavyosoma. Januari mama analipa, kodi inashuka hadi Sh216,250. Februari riba mpya ni Sh2,162.50, na baada ya malipo kodi ni Sh192,500. Machi riba ni Sh1,925, kodi inabaki Sh168,750. Riba inapungua kwa Sh237.50 kila mwezi, kama ngazi. Kufikia Juni riba ni Sh1,212.50, na baada ya malipo ya mwezi huo kodi imeshuka chini ya Sh100,000. Septemba riba ni Sh500. Oktoba ni Sh262.50, na baada ya malipo ya Oktoba kodi iliyobaki ni Sh2,500 pekee. Novemba riba ni Sh25. Awamu ya Novemba inamaliza zile Sh2,500, na Sh21,250 zilizobaki kwenye awamu hiyo zinaanza kula riba na adhabu.

Riba mpya tangu Februari ni Sh10,937.50 kwa jumla. Ukiiongeza kwenye Sh21,600 za miezi tisa ya mwanzo na Sh12,000 za adhabu, unapata Sh44,537.50. Novemba imepunguza Sh21,250, zinabaki Sh23,287.50, na hiyo ndiyo awamu ya Desemba, ndogo kidogo kuliko nyingine. Ukifanya hesabu yako ukaona awamu ya mwisho inatoka kubwa mno, au inashuka chini ya sifuri, ujue ulikosea m au mwezi mmoja umehesabiwa mara mbili.

Nimesema kwamba hii si hesabu ya benki, na ni vyema nionyeshe tofauti yenyewe, kwa maana vikokotoo vingi vya mikopo vilivyo kwenye simu vitakupa jibu haraka na jibu hilo litakuwa la kitu kingine. Kikokotoo cha mkopo kinachukulia kwamba deni lote, Sh273,600, linazaa riba, na kwamba kila malipo yanakata kwanza riba ya mwezi ndipo yaguse mkopo. Ukikipa asilimia 1 kwa mwezi na awamu 12, ya kwanza ikilipwa leo, kitakwambia Sh24,068. Ni Sh355 zaidi kwa mwezi kuliko kiasi kinachotokana na sheria. Kimeitoza riba adhabu, na kimeitoza riba riba, mambo mawili ambayo sheria ya Kenya haiyafanyi.

Kwa wasomaji wa Tanzania mambo yamegeuka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya huko, nayo ya mwaka 2015, inataka riba iongezwe juu ya deni kila mwezi, na kiwango chake kinafuata kile cha Benki Kuu. Huko riba inazaa riba, kwa hiyo anayechukua kanuni niliyoiandika hapo juu na kuipeleka Mwanza au Dodoma atapata kiasi kidogo mno. Mfanyabiashara mwenye maduka pande zote mbili za Namanga anahitaji karatasi mbili tofauti.

Turudi Nakuru. Utaratibu wa kukata kodi kwanza unamfaa mlipakodi, lakini unafanya kazi tu ikiwa malipo yameingia mahali pake. Unapotengeneza hati ya malipo kwenye iTax, mfumo unakutaka uchague aina ya kodi, kipindi, na unacholipia. Nimeona malipo ya miezi mitatu mfululizo yaliyochaguliwa kama malipo ya riba na adhabu, kwa sababu mhasibu mdogo wa duka aliona hayo ndiyo yanayotisha zaidi kwenye leja akataka yaondoke kwanza. Alikuwa na nia njema. Lakini kodi ilibaki nzima ikiendelea kuzaa.

Tunaweza kupima gharama ya kosa hilo. Tuseme mama analipa Sh23,713 zilezile kila mwezi, ila pesa zinaanza kwa adhabu na riba. Awamu ya Januari yote inaishia kwenye zile Sh33,600 za riba na adhabu, na bado haizimalizi. Februari riba mpya ya Sh2,400 inaingia, na ni Sh11,426 tu zinazofika kwenye kodi. Kuanzia hapo kila awamu inakatwa riba ya mwezi kwanza. Mwishoni mwa Desemba anabaki akidaiwa karibu Sh4,400. Pesa zilezile, tarehe zilezile, na tofauti yote imetokana na kisanduku kilichochaguliwa kwenye skrini.

Kosa la kipindi ni baya kuliko hilo. Ukichagua mwaka 2025 badala ya 2024, pesa zitaonekana kama salio lako zuri kwenye mwaka mmoja huku deni la mwaka mwingine likiendelea. Kurekebisha kunawezekana, kwa kuandika barua ya kuomba pesa zihamishwe, ila inachukua muda, na wakati huo kwa mujibu wa mpango wako awamu haijalipwa. Ndiyo maana nawasihi wateja wafungue leja siku chache baada ya kila malipo na kuangalia kitu kimoja tu: kodi ya mwaka wa deni imeshuka kwa kiasi kizima cha awamu? Ikiwa imeshuka kwa kiasi kidogo zaidi, au haikushuka, pigia ofisi kabla ya mwezi kugeuka.

Kuna pia suala la deni la zamani. Kama mama angekuwa na salio dogo la mwaka 2022 alilolisahau, malipo yake yangepaswa kulianza hilo, kwa sababu madeni hufuatwa kwa mpangilio yalivyotokea. Mpango wote ungeteleza kwa kiasi hicho. Kabla ya kuandika ombi, toa leja ya miaka yote, hata ile unayoamini umeimaliza.

Ofisa anayeshughulikia ombi anaweza kukutaka uanze na malipo makubwa zaidi. Watu hulichukulia jambo hilo kama ukali, lakini kihesabu linawafaa. Tuseme mama anauza shehena ya mabati mwezi Januari na anaweza kuanza na Sh60,000. Kodi inashuka mara moja hadi Sh180,000. Ukifuata njia ileile kwa awamu 11 zilizobaki, kila moja inatoka Sh20,229. Riba mpya ya mwaka mzima inakuwa Sh8,918 badala ya Sh10,958. Ameokoa zaidi ya Sh2,000, na muhimu zaidi amepunguza mzigo wa kila mwezi kwa karibu Sh3,500 katika miezi ambayo hajui mauzo yatakuwaje.

Nikitazama mipango iliyovunjika, mara nyingi kiasi cha mwezi hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Aprili. Mtu anapanga deni la 2024 vizuri, anasahau kwamba mwaka unaendelea. Aprili 20, 2026 ni tarehe ya kodi ya awali ya kwanza ya mwaka huo. Aprili 30 ni tarehe ya salio la mwaka 2025. Aprili 28 ni awamu yake. Malipo matatu ndani ya siku kumi, na mwezi wenyewe mara nyingi una mvua ndefu zinazowafanya watu wasitishe ujenzi. Juni, Septemba na Desemba kodi za awali zinarudi tena. Kifungu cha 33 hakina subira hapo: awamu moja ikikosekana, deni lote lililobaki linatakiwa mara moja, na Kamishna anaweza kuiandikia benki yako au wateja unaowadai ili pesa zako ziende kwake moja kwa moja.

Dawa yake ni kuomba awamu zisizo sawa tangu mwanzo. Hakuna mahali sheria inaposema awamu zote zilingane. Na hesabu yake ni nyepesi kushangaza: maadamu kodi bado ipo, kila shilingi unayoisogeza mbele inagharimu senti moja kwa kila mwezi inaosogea. Mama akiomba alipe Sh11,750 mwezi Aprili badala ya Sh23,750, na zile Sh12,000 azifidie Julai, anasogeza Sh12,000 kwa miezi mitatu. Gharama yake ni Sh360. Kwa Sh360 amenunua Aprili inayopumua. Akisogeza kutoka Novemba kwenda Desemba gharama inakuwa karibu na sifuri, kwa kuwa kodi yenyewe imebaki Sh2,500 na sehemu kubwa ya awamu ya Novemba inalipia riba na adhabu zisizokua.

Mama aliniuliza kama si bora achukue mkopo kwenye chama chake cha akiba na mikopo, alipe yote kwa pamoja, kisha ashughulike na sako peke yake. Sako nyingi nchini hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kwa hiyo kwa jina kiwango ni kilekile. Lakini sako ingemkopesha Sh273,600 nzima, na riba ingetozwa juu ya zote, pamoja na zile Sh33,600 ambazo kwa Mamlaka ya Ushuru zimekaa bila kuzaa. Kwa miezi 12 angelipa sako Sh24,309 kila mwezi, jumla takriban Sh291,700. Kwa mpango wa awamu jumla ni Sh284,500. Tofauti ni kama Sh7,200, ingawa malipo ya sako yangeanza mwezi mmoja baadaye. Anayehitaji leja safi wiki hii ili apate zabuni ya kaunti anaweza kuona Sh7,200 ni bei nzuri. Asiye na haraka hiyo hana sababu ya kuhamisha deni kutoka kwa mdai asiyetoza riba juu ya riba kwenda kwa anayetoza juu ya kila kitu. Mikopo ya simu sitaifanyia hesabu hata kidogo. Hakuna niliyoiona inayokaribia asilimia 1 kwa mwezi.

Wengine hungoja msamaha. Kenya ilitoa msamaha wa adhabu na riba kupitia Sheria ya Fedha ya 2023 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2022, na baadaye ukafunguliwa tena kwa madeni ya hadi Desemba 31, 2023, kwa waliolipa kodi yenyewe kufikia Juni 30, 2025. Deni la mama ni la mwaka 2024, kwa hiyo haliguswi. Hata hivyo misamaha hiyo ina jambo la kumfaa: sharti lake lilikuwa kumaliza kodi, ndipo riba na adhabu vikafutwa. Mtu ambaye malipo yake yamekuwa yakikata kodi kwanza angekuwa karibu zaidi na mlango huo kuliko yule aliyeanza na adhabu. Kukaa bila kulipa kwa matumaini kwamba mwingine utakuja kunamgharimu Sh2,400 kila mwezi, kiasi kinachojulikana, kwa ajili ya kitu ambacho Bunge halijakiahidi.

Kwa hiyo ombi alilolipeleka mama lilikuwa na ukurasa mmoja wa maelezo na jedwali la safu tano: tarehe, kodi kabla ya malipo, riba ya mwezi, malipo, kodi baada ya malipo. Maelezo yalitaja sababu ya kushindwa kulipa kwa wakati, na kwa sababu hiyo aliambatisha orodha ya mafundi anaowadai na ankara zao. Kwenye jedwali Aprili ilikuwa ndogo na Julai kubwa. Riba mpya ilipanda kwa zile Sh360 hadi Sh11,297.50, na awamu ya Desemba ikawa Sh23,647.50. Alipoziona namba hizo alisema, "Mwanangu, basi hapa kila mwezi najua natakiwa kuona nini," akaibandika nakala ya jedwali nyuma ya kaunta, kando ya bei za misumari.